Mauzo Yameshuka, Semeni kwa Nini

Jioni ya tarehe 2 Januari 2019, baada ya soko la hisa kufungwa mjini New York, mkurugenzi mtendaji wa Apple, Tim Cook, aliwaandikia wawekezaji barua. Miezi miwili nyuma, tarehe 1 Novemba, kampuni hiyo ilikuwa imetangaza kwamba mauzo ya robo ya mwisho ya mwaka 2018 yangekuwa kati ya dola bilioni 89 na bilioni 93. Sasa Cook alisema yangekuwa karibu bilioni 84. Kesho yake bei ya hisa za Apple ilianguka kwa takriban asilimia 10.

Barua hiyo haikuwa ya uongo. Namba mbaya iliwekwa mapema, ikaonekana. Tatizo lilianza baada ya namba. Msomaji alikutana na tarehe za kuzindua simu, nguvu ya dola, uhaba wa bidhaa viwandani, udhaifu wa nchi zinazoinukia, uchumi wa China, mvutano wa kibiashara kati ya China na Marekani, betri za bei nafuu, na kampuni za simu zilizopunguza ruzuku kwa wateja. Kisha zikafuata habari njema: huduma zinakua, saa na vifaa vya masikioni vinakua, vifaa milioni 100 vimeongezeka mikononi mwa watumiaji ndani ya miezi 12, mauzo yamevunja rekodi Marekani, Kanada, Ujerumani, Italia, Uhispania, Uholanzi na Korea. Aliyemaliza kusoma angeweza kutaja sababu nane, lakini asingeweza kusema ipi ilikuwa kubwa na ipi ilikuwa ya kuongezea tu.

Maandishi ya aina hii huwafikia wanahisa wa kampuni nyingi kila baada ya miezi mitatu, na yakiwa ya robo mbaya mara nyingi huja yamejaa namna hiyo. Chanzo chake huwa cha kiofisi zaidi kuliko cha hila. Idara ya fedha hukusanya maelezo kutoka kwa kila kitengo. Mkuu wa mauzo huleta aya yake, mkuu wa uzalishaji yake, wa masoko ya nje yake, na hakuna anayetaka aya yake ifutwe. Mwanasheria huongeza tahadhari. Ofisi ya mkurugenzi huongeza mafanikio. Robo ikiwa nzuri, hakuna anayejali mrundikano huo. Ikiwa mbaya, mrundikano wenyewe hugeuka kificho hata kama hakuna aliyekusudia kuficha. Mtafiti wa uhasibu Feng Li, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan, alipima ugumu wa lugha katika ripoti za mwaka za kampuni za Marekani, na katika makala aliyoichapisha mwaka 2008 alionyesha kwamba kampuni zenye faida ndogo huelekea kuandika ripoti ngumu zaidi kusoma.

Kupanga upya maandishi kama hayo si kazi ya kupunguza maneno tu. Ni kazi ya hesabu kwanza, lugha baadaye. Barua ya Apple ni mfano mzuri wa kuijifunzia, kwa kuwa tarehe 29 Januari 2019 kampuni ilitoa matokeo kamili, na kila sentensi ya barua inaweza kupimwa kwa namba zake.

Swali la kwanza la mhariri ni hili: matokeo ni mabaya yakilinganishwa na nini? Mauzo halisi ya robo ile yalikuwa dola bilioni 84.3. Robo kama hiyo mwaka 2017 yalikuwa bilioni 88.3. Kwa hiyo kuna pengo la bilioni 4 dhidi ya mwaka uliotangulia. Lakini dhidi ya makadirio ya Novemba kuna pengo jingine, la kati ya bilioni 5 na bilioni 9, kutegemea unaanzia mwisho upi wa makadirio. Haya ni mapengo mawili tofauti na kila moja lina sababu zake. La kwanza linauliza biashara imebadilika vipi. La pili linauliza kwa nini viongozi hawakuona mabadiliko hayo yakija.

Soko liliporusha hisa chini Januari 3, lilikuwa likijibu pengo la pili. Kampuni iliyosema mauzo yatakua kati ya asilimia 1 na 5 ilikuwa sasa inasema yatashuka. Wajibu wa kutangaza pengo kama hilo mapema upo pia karibu nasi. Kanuni za masoko ya mitaji za Kenya huitaka kampuni iliyoorodheshwa iwaonye wawekezaji pale inapoona faida ya mwaka itashuka kwa angalau asilimia 25 chini ya ya mwaka uliotangulia. Hata hivyo kanuni hulazimisha onyo. Haziwezi kulazimisha maelezo yaliyopangika.

Mapengo yakishatenganishwa, sababu hujipanga zenyewe kwa namna ya kushangaza. Barua ya Cook ilitaja kwanza mambo manne ambayo, kwa maneno ya barua yenyewe, kampuni ilikuwa ikiyajua tangu Novemba. La kwanza ni tarehe za uzinduzi. Mwaka 2017 simu ya bei kubwa, iPhone X, ilianza kuuzwa Novemba, kwa hiyo mauzo ya siku zake za mwanzo yaliingia katika robo ya mwisho ya mwaka. Mwaka 2018 iPhone XS na XS Max zilianza kuuzwa Septemba, zikanufaisha robo iliyotangulia. La pili ni nguvu ya dola, ambayo Apple ilikadiria ingepunguza ukuaji wa mauzo kwa karibu asilimia 2. La tatu ni uhaba wa bidhaa kadhaa mpya. La nne ni udhaifu wa uchumi katika baadhi ya nchi zinazoinukia.

Hapa mhariri makini anasimama. Jambo lililokuwa limeshajulikana Novemba lilikuwa tayari ndani ya makadirio ya Novemba. Tarehe za uzinduzi na nguvu ya dola zinaweza kueleza kwa nini mauzo yalikuwa chini ya mwaka uliotangulia. Haziwezi kueleza kwa nini yalikuwa chini ya kile kampuni ilichotangaza, kwa sababu kilichotangazwa kilikwisha kuzizingatia. Barua yenyewe ilikiri kwamba mambo hayo mawili yalienda takriban kama yalivyotarajiwa. Hata hivyo yaliwekwa juu kabisa ya orodha, mbele ya China, katika maandishi ambayo kazi yake ilikuwa kueleza kosa la makadirio.

Sababu zilizobaki kwa pengo la pili ni chache. Nchi zinazoinukia ziliumiza zaidi ya ilivyotarajiwa. Uchumi wa China ulipungua kasi kuliko kampuni ilivyokadiria. Na wenye simu za zamani, hata katika nchi tajiri, hawakubadilisha simu kwa wingi uliotegemewa. Orodha ya sababu nane imebaki tatu bila kufuta ukweli wowote. Zile nyingine hazikutupwa. Zimehamia kwenye aya ya pili, inayozungumzia mwaka uliotangulia, na huko ndiko kwao.

Hatua inayofuata ni kuweka ukubwa kwenye kila sababu. Wahasibu huanza na tarakimu ya mwaka uliotangulia, kisha huongeza na kutoa kimoja baada ya kingine hadi wafike tarakimu ya sasa. Kwa Apple hesabu hiyo, ikifanywa kwa bidhaa, ni fupi. Kutoka bilioni 88.3 toa bilioni 9.1 za iPhone, ambazo mauzo yake yalishuka kwa asilimia 15. Ongeza bilioni 5.1 kutoka kwa kila kitu kingine: huduma, saa, vifaa vya masikioni, kompyuta za Mac na iPad. Unafika bilioni 84.3. Mistari miwili tu, na msomaji ameshajua kwamba tatizo lilikuwa bidhaa moja, na kwamba zilizobaki zilifidia zaidi ya nusu ya hasara yake.

Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa maeneo hutoa picha yenye mikunjo zaidi. Barua ilisema kwamba zaidi ya asilimia 100 ya upungufu wa mauzo duniani, ukilinganisha na mwaka uliotangulia, ulitokea katika eneo la China, ambalo kwa Apple ni pamoja na Hong Kong na Taiwan. Sentensi hiyo ni sahihi kihesabu. Mauzo ya China yalishuka kutoka bilioni 18.0 hadi bilioni 13.2, yaani kwa bilioni 4.8, na upungufu wa dunia nzima ulikuwa bilioni 4.0. Msomaji wa kawaida anaisoma namna gani? Anaelewa kwamba kwingineko kote mambo yalikuwa shwari.

Hayakuwa shwari. Eneo linaloitwa Ulaya katika vitabu vya Apple lilishuka kwa asilimia 3, na Japani kwa karibu asilimia 5. Kwa pamoja yalipoteza dola bilioni 1.0. Bara la Amerika ndilo lililopanda zaidi, kwa bilioni 1.7, na ongezeko hilo likameza hasara za Ulaya na Japani hata zisionekane. Asilimia inayozidi mia moja ni dalili ya wazi kwamba ndani ya hesabu kuna vitu vinavyofutana, na mwandishi mwenye nia njema huvitaja vyote badala ya kumwachia msomaji jumla yake.

Eneo hilo la Ulaya lina jambo jingine la kuangalia. Barua ilijivunia rekodi za Ujerumani, Italia, Uhispania na Uholanzi, ilhali eneo zima liliporomoka. Hakuna mgongano, kwani katika hesabu za Apple Ulaya hujumuisha pia India, Mashariki ya Kati na Afrika yote. Simu iliyouzwa Nairobi au Dar es Salaam imehesabiwa humo, pamoja na ya Istanbul na Mumbai. Nchi nne zilizofanya vizuri zilichaguliwa kutoka ndani ya fungu lililofanya vibaya. Orodha ya rekodi haina kosa isipokuwa kwamba imetenganishwa na fungu lake. Ukiandika “Mauzo ya eneo la Ulaya yalishuka kwa asilimia 3, ingawa Ujerumani, Italia, Uhispania na Uholanzi zilivunja rekodi,” habari njema inabaki, ila sasa ina kipimo.

Kuna sababu ambazo kampuni huzipenda na nyingine ambazo huziepuka. Mwaka 1983 James Bettman na Barton Weitz, watafiti wa Marekani, walichapisha uchunguzi wao wa barua ambazo kampuni huwaandikia wanahisa. Waliona kwamba matokeo mabaya huelekezwa mara nyingi kwenye mambo ya nje yasiyodhibitika, kuliko matokeo mazuri. Kila aliyewahi kusoma ripoti za kampuni ameiona tabia hiyo. Mvua, mafuta, dola na serikali hubeba lawama za robo mbaya. Mkakati na wafanyakazi hodari hubeba sifa za robo nzuri.

Tuchukue betri. Barua ya Cook ilitaja kwamba baadhi ya wateja walichukua nafasi ya bei iliyopunguzwa ya kubadilishiwa betri, na hivyo hawakununua simu mpya. Imeandikwa kama tukio la sokoni. Lakini bei hiyo iliteremshwa na Apple yenyewe, kutoka dola 79 hadi 29, baada ya kukiri Desemba 2017 kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya simu za zamani zenye betri zilizochoka. Wateja walikasirika, kampuni ikatoa unafuu huo kwa mwaka mzima wa 2018. Sababu ni ya ndani kutoka mwanzo hadi mwisho.

Bei ni hivyohivyo. Barua ilitaja kupanda kwa bei kunakotokana na nguvu ya dola. Ni kweli kwamba dola ikipanda, bidhaa inayopangwa bei kwa dola hupanda bei Uturuki au Brazili. Lakini kumwachia mteja mzigo wote wa dola ni uamuzi, na Apple ilithibitisha kuwa ni uamuzi pale ilipoamua, mwishoni mwa Januari 2019, kurudisha bei katika baadhi ya masoko karibu na zilivyokuwa mwaka mmoja nyuma kwa fedha za huko. Vilevile, XS Max ilianzia dola 1,099, na bei hiyo haikupangwa na benki kuu ya nchi yoyote. Ushindani nao haukupata aya. Barua haikutaja mtengenezaji hata mmoja wa simu wa China.

Njia nyepesi ya kulishughulikia jambo hili ni kugawa kila sababu katika mafungu mawili kabla ya kuandika: lililotupata na tulilolifanya. Sababu nyingi zitaangukia kidogo huku na kidogo kule, kama bei ilivyo. Hapo huandikwa sehemu zote mbili katika sentensi moja: dola ilipanda, nasi tukaamua kuihamishia kwa mteja. Fungu la pili likibaki tupu kabisa katika robo mbaya, mwandishi hajamaliza kuuliza maswali ofisini.

Hadi hapa tumezungumzia mauzo. Faida ndiyo hutega zaidi, na katika barua ya Januari 2 mtego huo ulikuwa umekaa karibu na mwisho, katika sentensi iliyosema Apple ilitarajia kuvunja rekodi yake ya faida kwa kila hisa. Matokeo yalipotoka, ilikuwa kweli: dola 4.18 kwa hisa, ongezeko la asilimia 7.5.

Mauzo yameshuka asilimia 5, faida kwa kila hisa imepanda asilimia 7.5. Vipi? Inabidi kushuka ngazi moja moja. Faida ya uendeshaji, yaani kinachobaki baada ya gharama za kuendesha biashara na kabla ya kodi, ilishuka kutoka bilioni 26.3 hadi bilioni 23.3, sawa na asilimia 11. Biashara yenyewe, basi, iliumia zaidi hata ya mauzo. Ngazi ya pili ni kodi. Sheria mpya ya Marekani ya Desemba 2017 ilipunguza kodi ya kampuni, na Apple ambayo mwaka uliotangulia ilikatwa karibu asilimia 26 ya faida ya robo hiyo, safari hii ilikatwa chini ya 17. Nafuu hiyo ndiyo iliyoifanya faida halisi ibaki karibu palepale: bilioni 20.0 dhidi ya 20.1. Kwa kiwango cha mwaka uliotangulia, faida hiyo ingekuwa kama bilioni 17.7.

Ngazi ya tatu ni idadi ya hisa. Apple ilikuwa imetumia mabilioni kununua hisa zake yenyewe na kuzifuta, na idadi yake ikapungua kutoka takriban bilioni 5.16 hadi bilioni 4.77, yaani kwa asilimia 7.5. Faida ileile iligawanywa kwa wachache zaidi. Rekodi iliyotangazwa haikutoka kwenye duka hata moja la simu.

Mwanahisa ana haki ya kujua tarakimu hiyo, na kuificha kungekuwa kosa la upande wa pili. Swali ni inakaa wapi na inaandamana na nini. Ikisimama peke yake, inapotosha bila neno la uongo. Ikitanguliwa na faida ya uendeshaji, kodi na idadi ya hisa, inakuwa habari kamili. Wasimamizi wa masoko huliangalia hili kwa makini. Desemba 2018 tume ya dhamana na masoko ya hisa ya Marekani iliitoza kampuni ya ulinzi ya ADT dola 100,000, kwa kuwa ilitanguliza vipimo vya faida ilivyovirekebisha yenyewe bila kuvipa uzito sawa vipimo vya kawaida vya uhasibu. Shauri halikuhusu namba za kughushi. Lilihusu ipi ilitajwa kwanza na kwa sauti gani.

Baada ya hesabu, lugha huja kwa urahisi. Mhariri aliyepewa matokeo ya Januari 29 pamoja na barua ya Januari 2 angeweza kuandika maelezo yafuatayo, na yakatosha:

“Mauzo ya robo hii yalikuwa dola bilioni 84.3. Ni pungufu kwa asilimia 5 ya robo kama hii mwaka jana, na pungufu kwa karibu bilioni 5 ya kiwango cha chini tulichotangaza Novemba. Upungufu umetoka kwenye iPhone, ambayo mauzo yake yalishuka kwa bilioni 9.1. Bidhaa nyingine na huduma ziliongezeka kwa bilioni 5.1.

“Kwa maeneo, China ilishuka kwa bilioni 4.8, Ulaya na Japani kwa jumla ya bilioni 1.0, na Amerika ikapanda kwa bilioni 1.7. Makadirio yetu ya Novemba yalizingatia dola yenye nguvu na tarehe za uzinduzi wa simu. Hayakuzingatia vya kutosha kasi ya kudorora kwa China na nchi nyingine zinazoinukia, wala idadi ya wateja ambao wangebaki na simu zao za zamani. Bei tulizopanga kwa fedha za nchi hizo, na unafuu wa betri tuliotoa mwaka 2018, vilichangia uamuzi huo wa wateja. Hatuna kipimo cha kutenganisha mchango wa kila kimoja.

“Faida ya uendeshaji ilishuka kwa asilimia 11. Faida halisi ilibaki karibu sawa kwa sababu ya kodi iliyopungua, na faida kwa kila hisa ilipanda kwa asilimia 7.5 kwa sababu idadi ya hisa imepungua kwa kiwango hichohicho.”

Aya tatu, na hakuna mwenye kulialia ndani yake. Maelezo yenye uwiano hayahitaji kampuni ijipige kifua. Kujilaumu kupita kiasi nako huficha mambo, maana mkurugenzi anayesema “tumewaangusha” bila kusema kwa kiasi gani na wapi amempa msomaji hisia mahali pa habari. Sentensi yenye thamani kubwa katika maelezo hayo pengine ni ile inayosema kipimo hakipo. Apple haikutoa tarakimu ya athari ya betri wala ya tarehe za uzinduzi. Mwandishi asiye na tarakimu huvutiwa kujaza pengo kwa maneno kama “kwa kiasi kikubwa” au “kwa sehemu”. Ni heri aseme kimoja kinajulikana kuwepo lakini hakijapimwa.

Zipo pia ishara ambazo hazimo ndani ya maandishi yenyewe. Tarehe 1 Novemba 2018, siku ileile ya kutoa makadirio, Apple ilitangaza kwamba haitatoa tena idadi ya simu inazouza kila robo. Sababu iliyotolewa ni kwamba idadi hiyo haionyeshi vizuri nguvu ya biashara. Huenda. Lakini kipimo kilichotolewa kwa miaka mingi kikiondolewa katika robo ambayo kinageuka kuwa kibaya, maelezo yenye uwiano hukitaja na kueleza badala yake kitatumika nini.

Siku hiyohiyo, katika mazungumzo na wachambuzi, Cook alitaja Brazili, India, Urusi na Uturuki kuwa masoko yenye shinikizo, akaongeza kwamba asingeiweka China katika kundi hilo. Miezi miwili baadaye China ikawa ndiyo sababu kuu. Wanahisa walikwenda mahakamani California, wakiongozwa na mfuko wa pensheni wa Norfolk nchini Uingereza, wakidai walipotoshwa. Apple ilikana kosa, na mwaka 2024 ilikubali kulipa dola milioni 490 kumaliza shauri. Wanasheria wa kampuni husoma kesi kama hiyo na kushauri kuandika tahadhari nyingi zaidi. Lakini tahadhari ya jumla isingeziba mwanya wa sentensi moja mahususi kuhusu nchi moja mahususi. Kilichohitajika ni kwamba kinachosemwa kwa mdomo kwa wachambuzi kipitie hesabu ileile inayopitiwa na kinachochapishwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayefungua gazeti na kukuta matokeo ya robo mwaka ya benki, kama benki za Tanzania na Kenya zinavyotakiwa kuyatangaza, mara nyingi hapati maelezo marefu. Hupata jedwali, na pembeni labda nukuu ya mkurugenzi. Anaweza kushuka ngazi zilezile. Aanze na mapato ya riba na gharama za uendeshaji, aangalie kiasi kilichotengwa kwa mikopo isiyolipika, kisha kodi, ndipo afike kwenye faida halisi. Mahali ambapo mwelekeo unageuka, kutoka kushuka kwenda kupanda, ndipo penye habari ambayo nukuu ya mkurugenzi ilipaswa kuieleza.

Kipimo cha mwisho cha maelezo ya robo mbaya hakipatikani siku yanapotolewa. Sababu iliyoitwa ya muda hujaribiwa miezi mitatu baadaye. Tarehe 30 Aprili 2019 Apple ilitoa matokeo ya robo ya Januari hadi Machi. Mauzo yalikuwa dola bilioni 58.0, ndani ya makadirio ya 55 hadi 59, kwa hiyo safari hii pengo la pili halikuwepo: kampuni ilikuwa imejifunza kukadiria. Pengo la kwanza lilikuwepo bado. China ilishuka tena, kwa karibu asilimia 22. Na iPhone, ambayo robo iliyotangulia ilikuwa na kisingizio cha tarehe za uzinduzi, safari hii bila kisingizio hicho ilishuka kwa asilimia 17.